Kusoma thamista kwa mlinganyo wa beta: rizista ya kudumu kwa kipimajoto cha sanduku la samaki
Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya mafundi na walimu wa elektroniki, Bukoba



Nimeombwa nizungumzie thamista kwa jumla. Naomba ruhusa nizungumzie thamista moja tu, ile ndogo yenye ukinzani wa omu 10,000 kwenye nyuzi 25 za Selsiasi na beta ya 3950, kwa kuwa ndiyo tunayoipata kwa urahisi madukani. Kazi yenyewe nayo iwe moja: kupima joto ndani ya sanduku la barafu linalobeba sangara kutoka visiwa vya Muleba, kama Bumbire au Goziba, hadi mwalo wa bara. Samaki huyo anatakiwa akae karibu na joto la barafu inayoyeyuka. Kwa hiyo kinachotuhusu ni kuanzia nyuzi 0 hadi 10, na nje ya hapo kipimajoto chetu kinaruhusiwa kukosea.

Thamista ya aina hii hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda. Mlinganyo wa beta unatupa joto kutokana na ukinzani huo:

```
1/T = 1/T0 + (1/B) * ln(R/R0)
```

T na T0 ni kelvini, yaani nyuzi za Selsiasi ukijumlisha 273.15. R0 ni ukinzani kwenye T0, na B ndiyo beta. Tukiweka T0 = 298.15, R0 = 10,000 na B = 3950, mlinganyo unasema thamista itakuwa na omu 33,600 hivi kwenye nyuzi 0, omu 25,900 kwenye nyuzi 5, na omu 20,200 kwenye nyuzi 10. Katika eneo hili kila nyuzi moja inabadilisha ukinzani kwa takriban asilimia 5. Hiyo asilimia 5 tuishike, maana karibu kila hesabu inayofuata inaitegemea.

Maikrokontrola haipimi omu, inapima volti. Ndiyo maana thamista huungwa mfululizo na rizista ya kudumu, kisha tunasoma volti ya katikati yao. Rizista ninaiweka upande wa volti 5 na thamista upande wa chini. Michoro mingi inayozunguka mitaani huweka rizista ya omu 10,000 kwa sababu tu thamista imeandikwa 10,000. Lakini thamista ni omu 10,000 kwenye nyuzi 25, na sanduku letu haliko nyuzi 25. Likifika huko, samaki ameshaharibika na kipimajoto hakina la kutuambia.

Kanuni ni kwamba rizista ilingane na ukinzani wa thamista katikati ya joto unalolifanyia kazi. Hapo volti inakuwa nusu ya chanzo, na badiliko lile lile la asilimia 5 linaisogeza volti zaidi kuliko mahali pengine popote. Kama eneo lako ni pana, zidisha ukinzani wa ncha mbili kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwetu ni 33,600 mara 20,200, na kipeuo chake ni 26,000 hivi. Rizista ya karibu inayopatikana dukani ni ya 27,000, ile yenye mistari ya nyekundu, zambarau na chungwa.

Tuone tunapata nini. Arduino Uno huigawa volti 5 katika hatua 1024. Kwenye nyuzi 5, rizista ya 27,000 inatupa hatua 13 kwa kila nyuzi. Ya 10,000 inatupa hatua 10 na nusu. Ya 100,000 inatupa takriban 8 na nusu, na ya 1,000 inatupa hatua zisizofika hata 2, yaani kila hatua moja inaruka zaidi ya nusu nyuzi. Hapa nataka tuwe wakweli: kutoka 10,000 kwenda 27,000 faida ya hatua ni robo tu. Aliyetumia 10,000 hajaharibu kazi. Anayeharibu ni yule anayekosea kwa mara kumi au ishirini.

Faida nyingine ya 27,000 haitajwi mara nyingi. Mkondo unaopita kwenye thamista huipasha joto. Kwa rizista ya 10,000 na volti 5, thamista iliyo kwenye nyuzi 5 inapokea nusu miliwati. Kwa 27,000 inapokea chini ya robo miliwati. Punje ndogo ikiwa kwenye hewa tulivu hupanda nyuzi moja kwa kila miliwati moja au mbili hivi, kwa hiyo rizista ya 10,000 inaweza kukuongezea kati ya robo na nusu nyuzi ambayo samaki hanayo. Ikiwa imezama kwenye barafu na maji, kosa hilo hupungua sana.

Ukubwa wa rizista una gharama yake pia. Watengenezaji wa maikrokontrola ya Uno wanashauri chanzo cha volti kisizidi omu 10,000, na muungano wetu unafika 13,000. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya kusomea na ardhi inamaliza tatizo hilo.

Sasa tuje kwenye ubora wa rizista yenyewe. Rizista yenye mstari wa dhahabu inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 5. Kosa la asilimia 5 kwenye rizista huingia moja kwa moja kwenye ukinzani tunaoukokotoa, na tumeshaona kwamba asilimia 5 ni nyuzi moja nzima. Rizista ya asilimia 1 inatuachia moja ya tano ya nyuzi. Kwa hiyo, mwenye fedha ya kuchagua kitu kimoja tu aanze na rizista ya asilimia 1 ya utando wa metali. Hata ikiwa ni 10,000, mimi naiona bora kuliko 27,000 ya kaboni, kwa sababu ukinzani wa ile ya kaboni huhama zaidi jua linapopiga kasha la kifaa.

Programu haina makuu:

```
const float RF = 27000.0;
const float R0 = 10000.0;
const float T0 = 298.15;
const float B  = 3950.0;

float somaJoto() {
  long jumla = 0;
  for (int i = 0; i < 16; i++) jumla += analogRead(A0);
  float n = jumla / 16.0;
  float R = RF * n / (1023.0 - n);
  return 1.0 / (1.0/T0 + log(R/R0)/B) - 273.15;
}
```

Angalieni kwamba volti 5 haimo kwenye hesabu. Chanzo kile kile kinalisha rizista na ndicho kipimo cha Uno, kwa hiyo betri ikishuka hadi 4.7 vyote vinashuka pamoja na uwiano unabaki. Hilo halipatikani kwenye ESP32, ambayo hupima kwa rejea yake ya ndani na ambayo usomaji wake hupinda karibu na ncha. Huko ni lazima volti ikae katikati, na uchaguzi wa rizista unakuwa na uzito zaidi.

Mpaka hapa bado hatujagusa kosa jingine kubwa. Beta si namba isiyobadilika. Ile 3950 kwa kawaida imepimwa kati ya nyuzi 25 na 50, na thamista hiyo hiyo ikipimwa kati ya 0 na 25 hutoa beta ndogo kidogo. Tuchukue mfano. Tumezamisha thamista kwenye barafu, na wastani wa usomaji ni 560. Ukinzani ni 27,000 mara 560 gawanya kwa 463, sawa na 32,656. Mlinganyo wetu unasema hiyo ni nyuzi 0.55, lakini barafu inayoyeyuka ni nyuzi 0. Beta inayoeleza usomaji huo ni takriban 3855.

Wengi hapa hukimbilia kutafuta beta mpya. Mimi nashauri tuhamishe nanga. Weka T0 iwe 273.15 na R0 iwe 32,656, na uiache beta ilivyo. Kosa la beta hukua kadiri unavyoondoka kwenye nanga. Nanga ikiwa nyuzi 25, sisi tulio kwenye 0 tuko umbali wa nyuzi 25 na tunalipa zaidi ya nusu nyuzi. Nanga ikiwa 0, kwenye nyuzi 5 beta iliyokosewa kwa 100 inatugharimu kama 0.13 tu, na kwenye nyuzi 10 robo nyuzi. Tena, kwa kuwa tumepima barafu kupitia saketi yenyewe, kosa la rizista limeshamezwa ndani ya R0. Hata mstari wa dhahabu unasamehewa, ila kule kuhama kwake juani.

Barafu yenyewe iandaliwe vizuri. Ipondwe, iongezwe maji safi mpaka iwe kama uji mzito, ikorogwe, na thamista ikae humo dakika kadhaa bila kugusa chombo. Barafu kavu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza iko chini ya 0. Barafu iliyochanganyika na chumvi nayo iko chini ya 0, na kwenye biashara ya samaki chumvi haiko mbali.

Wapo wanaotaka kupima pia kwenye maji yanayochemka na kuandika 100. Ziwa Viktoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hapa Bukoba maji huchemka karibu na nyuzi 96. Kwenye vilima vya Muleba huchemka chini zaidi. Anayeandika 100 anajitengenezea kosa la nyuzi 4 kwa mkono wake. Anayehitaji eneo pana kweli atumie mlinganyo wa Steinhart na Hart wa mwaka 1968, wenye vigezo vitatu na unaohitaji vipimo vitatu. Kwa nyuzi 0 hadi 10 hauhitajiki.

Rizista hii isihamishiwe kazi nyingine bila hesabu mpya. Mtu anayepasha maziwa hadi nyuzi 63 atakuta thamista iko kwenye omu 2,240. Akibaki na 27,000 atapata hatua 2 na nusu kwa nyuzi, akiweka 2,200 atapata karibu 9.

Adui wa mwisho ni maji. Unyevu ukipenya kwenye punje au kwenye maungio, unafungua njia ya pembeni ya mkondo. Mvujo wa megaomu 1 tu hupunguza ukinzani kwa asilimia 3 hivi, na kipimajoto kinasema kuna joto la ziada la nyuzi 0.6. Utaijua hali hiyo kwa sababu usomaji kwenye barafu hupanda pole pole siku hadi siku, na ukiikausha thamista juani unarudi. Waya uliokatika ni rahisi kuutambua: usomaji unakimbilia 1023 na joto linalooneshwa ni la baridi isiyowezekana.

Ombi langu kwenu ni dogo. Kila kifaa kinachotoka karakana kibandikwe ndani ya kasha karatasi yenye RF, R0, T0, beta na tarehe ya kipimo cha barafu, na kipimo hicho kirudiwe kila mwezi mahali kifaa kinapofanyia kazi. Kikionesha zaidi ya nusu nyuzi kwenye barafu, kwanza kagueni unyevu kabla hamjagusa namba.