Faida Kubwa, Deni Kubwa

Msikilizaji, kabla hujanunua hisa Soko la Hisa la Dar es Salaam, fungua ripoti ya mwaka ya kampuni na utafute tarakimu tatu: faida baada ya kodi, mtaji wa wanahisa na mikopo.

Gawanya faida kwa mtaji. Tuchukue kampuni mbili za mfano. Ya kwanza ina mtaji wa shilingi milioni 100 na faida milioni 15, yaani asilimia 15. Ya pili ina mtaji wa milioni 50 na faida milioni 12, yaani asilimia 24. Wengi wataikimbilia ya pili.

Subiri kwanza. Sasa gawanya mikopo kwa mtaji. Ya kwanza inadaiwa milioni 20, sawa na 0.2. Ya pili inadaiwa milioni 150, mara 3 ya mtaji wake. Riba ikipanda kutoka asilimia 10 hadi 14, ya pili italipa milioni 6 zaidi kwa mwaka. Tukiacha hesabu ya kodi, faida yake inabaki milioni 6, na ile asilimia 24 inashuka hadi 12. Ya kwanza inapoteza laki nane tu.

Kipimo hiki cha deni usikitumie kulinganisha benki na kiwanda, kwani benki huendeshwa kwa amana za wateja, ambazo nazo ni deni. Linganisha kampuni za sekta moja, tena kwa miaka mitano mfululizo.