Calda Si Baridi

Juzi alinijia mama mmoja mwenye duka la nguo pale Makambako. Alikuwa na katalogi ya Kiitaliano mkononi na sweta moja ndani ya mfuko. "Shikamoo mwalimu," akaniambia, "hebu nisomee, maana mimi nimeshapata hasara."

Alianza na suruali. Imeandikwa "vita alta". Akauliza, vita gani tena? Nilicheka kidogo, nikamweleza kuwa kwa Waitaliano "vita" ni kiuno. Hiyo ni suruali inayopanda juu ya kitovu. Ikiwa "vita bassa", basi inakaa chini, na akina mama wa Ipelele wanaoinama shambani hawatamshukuru.

Ukurasa wa pili ulikuwa na masweta mawili yanayofanana. Moja "lana vergine", jingine "lana" tu. Lana ni sufu. Vergine ni sufu mpya, iliyokatwa kwa kondoo na haijawahi kuwa nguo. Neno hilo likikosekana, sufu inaweza kuwa imetoka kwenye nguo kuukuu. Huko Italia mji wa Prato una sifa ya siku nyingi kwa kazi hiyo: wanachambua matambara ya sufu, wanayachana na kuyasokota upya. Si nguo mbaya, ila nyuzi zake huwa fupi zaidi, nazo huchakaa mapema. Usiilipie bei ya vergine.

Ndipo akatoa lile sweta mfukoni. Lilikuwa la mtu mzima. Sasa linamtosha mtoto wa darasa la kwanza, nalo limekuwa gumu kama blanketi. Lebo ilisema "non lavare in acqua calda". Yeye, kwa Kiingereza chake cha shule, alisoma "calda" akadhani ni baridi. Akawaonya wateja: msifue kwa maji baridi, chemsheni. Kumbe "calda" ni ya moto! Baridi ni "fredda".

Unywele wa sufu una magamba madogo. Ukiupa maji ya moto, sabuni na kusugua, magamba hushikana, na nguo haivutiki tena kurudi ilivyokuwa. Hakuna dawa.

Kwa hiyo tuliandika karatasi ya kubandika dukani: fua kwa mkono, maji ya baridi au vuguvugu, usisugue, usikamue, anika kwa kulaza. Tukachora pia alama: beseni lenye mkono ndani yake ni kufua kwa mkono, beseni lenye alama ya kukata ni kutoligusisha maji kabisa. Hilo la mwisho nilimwambia asiliagize, kwani huko Ipelele dobi wa kusafisha bila maji atamtoa wapi?

Mwezi Juni na Julai umande huganda kule Makete. Mtu aliyenunua sweta la sufu analihitaji. Ukiuza, uza pamoja na maana ya lebo yake.