Ukishinda zabuni, jiulize kwa nini
(Maneno yangu kwenye kikao cha vijana, Chumbageni)

Makamanda, vikundi vyetu vinataka kuomba uwakala wa kukusanya ushuru wa soko. Kabla hamjaandika bei, nisikilizeni kidogo.

Kwenye mnada wa wazi unaona wenzako wanavyoacha kupanda bei, unajifunza. Kwenye bahasha iliyofungwa, kama korosho za Mtwara zilivyouzwa kwa sanduku chini ya stakabadhi ghalani, humwoni mtu. Bei ya juu inashinda, na unalipa hiyo hiyo uliyoandika.

Chukua mfano. Soko linaingiza milioni 10 kwa mwezi, ila hakuna anayejua. Vikundi vitano vinakadiria milioni 8, 9, 10, 11 na 12. Kila kimoja kinatoa milioni 1 ya gharama na laki 5 ya faida, kinaandika kinachobaki. Anashinda wa 12, kwa milioni 10.5. Anakusanya 10, analipa 10.5, gharama 1: hasara milioni 1.5 kila mwezi. Hii ndiyo laana ya mshindi: anayeshinda ndiye aliyezidisha makadirio kuliko wote.

Hasara anaibeba nani? Muuza mbogamboga, anayetozwa mara mbili.

Basi jiulize hivi: "Nikishinda, maana yake wote wameona kidogo kuliko mimi. Soko lina thamani gani kweli?" Punguza makadirio kwanza, ndipo utoe gharama na faida. Washindani wakiwa wengi, makadirio ya juu kabisa huwa yamezidi zaidi, kwa hiyo punguza zaidi. Na hesabuni meza siku ya gulio na siku kavu pia.

Mkikosa zabuni kwa bei ya haki, hamjapoteza kitu.