Trei ya Mtoto Haitaki Stilwaya

Msikilizaji wa Sigowet, uji wa wimbi uliokaukia kwenye kiti cha kulia cha mtoto hushika kama gundi, na wengi hukimbilia stilwaya. Hapo ndipo kiti huharibika. Stilwaya huchora mikwaruzo myembamba kwenye plastiki, na maziwa ya mlo unaofuata hujificha humo mahali ambapo kitambaa hakifiki. Afadhali kuulainisha uji kuliko kuukwangua: lowesha kitambaa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, kitandaze juu ya trei kwa dakika 15, kisha pangusa. Maji yanayochemka yaache, maana huweza kuipinda plastiki. Kwenye maungio na chini ya ukingo, tumia mswaki wa zamani. Mikanda, ikiwa inatoka, iloweke pembeni.

Kuna atakayesema jiki inatosha, tena ni haraka. Lakini klorini huishia kwenye mabaki ya chakula kabla ya kuwafikia vijidudu, kwa hiyo jiki juu ya uchafu ni kazi bure. Na ikichanganywa na siki hutoa gesi ya sumu. Doa la malenge likibaki, paka soda ya kuokea vijiko 3 iliyokorogwa kwa kijiko 1 cha maji, sugua taratibu, suuza, kisha anika juani (jua la Kericho likikubali). Rangi iliyobaki haina madhara. Utelezi kwenye vidole, au harufu ya maziwa yaliyochacha, ndiyo dalili kwamba bado hapajasafika.