Hesabu za usiku hotelini: chumba kimoja na shilingi 3,600

(Maelezo kwa wenye hoteli na vijana wanaofanya kazi za mapokezi)

Tuchukue mfano wa hoteli ya vyumba 40, kila kimoja shilingi 4,000 kwa usiku. Saa saba usiku mkahawa umeshafungwa, na karani wa usiku anaanza kufunga siku. Kwa hoteli, tarehe haibadiliki saa sita. Hubadilika karani anapomaliza. Kwa hiyo malipo ya M-Pesa ya saa sita na nusu bado ni ya siku inayofungwa, ingawa taarifa ya nambari ya tili inayaonyesha chini ya kesho. Wengi huchanganyikiwa hapo.

Kabla ya pesa, vyumba. Daftari la mapokezi linasema vimelaliwa 26. Ripoti ya jioni ya wahudumu wa vyumba inasema 27. Kinachozidi ni chumba 12. Kama mgeni angekuwa amehamishwa tu, chumba alichotoka kingeonekana kitupu na jumla zingelingana. Hazilingani. Basi ama mgeni aliingia na hakuandikwa, ama chumba kimeuzwa pembeni na pesa zimeingia mfukoni mwa mtu. Hata ile tozo ya utalii ya asilimia 2 haitalipwa kwa chumba ambacho hakimo kitabuni. Karani haendi kumgongea mgeni usiku huo. Anatafuta kadi ya usajili na kuuliza ni nani aliyetoa ufunguo. Katika mfano wetu kadi ilikutwa chini ya daftari la zamu ya mchana. Vyumba 27 kati ya 40, asilimia 67.5.

Sasa pesa. Wageni waliamka wakidaiwa 58,000. Vyumba 27 vinaongeza 108,000, chakula 31,500. Wamelipa 118,000 kwa taslimu, kadi na M-Pesa, na hizo za M-Pesa karani amezithibitisha kwenye taarifa ya tili. Ujumbe ulio kwenye simu ya mgeni si ushahidi, huweza kughushiwa. Deni linalobaki lapasa kuwa 79,500.

Lakini akijumlisha bili za wageni moja moja anapata 75,900. Zimepungua 3,600.

Kabla ya kumshuku mtu, agawe tofauti hiyo kwa 9. Inagawanyika sawasawa, mara 400, na hiyo ni dalili ya tarakimu mbili kubadilishana nafasi. Si hakika, lakini inamwonyesha pa kuanzia. Anachukua vocha za mkahawa na kuzilinganisha na bili. Chakula cha jioni cha kikundi kimoja kilikuwa 9,500. Kwenye bili kimeandikwa 5,900. Kikundi hicho kinaondoka saa kumi na moja alfajiri, na kosa likishapita mlangoni, hakuna wa kulipa 3,600 hizo.

Anasahihisha bili, anaweka saini kando ya sahihisho, anaambatanisha vocha, kisha ndipo anafunga tarehe.