Tufungue Mabuku: kuhusu jina la klabu yetu
Maneno ya komite mbele ya mkutano wa wanachama



Leo hatuna mengi. Kabati iko tayari, mabuku yako ndani, na siku ya kukutana tumepata. Kinachobaki ni jina. Mwenzetu mmoja aliuliza kama jina linaweza kutuchukulia mkutano mzima. Tunajibu: ndiyo, kwa sababu mtu wa Kisangani atasikia jina kabla ya kuona buku hata moja, na pale pale ataamua kama mambo hayo ni yake au ni ya wengine.

Majina mliyotuletea ni mazuri, lakini tumeyapima kwa maswali mawili tu. La kwanza: mtu ambaye hajazoea kusoma akilisikia, ataingia? La pili: linaonyesha kwamba tunasoma mambo ya kila namna, ao linatufunga kwenye namna moja?

Tuanze na jina lililopendwa na wengi, lile la "Klabu ya Wasomi". Katika Kiswahili chetu, neno kusoma lina kazi mbili. Kusoma ni kutazama maandishi na kuyaelewa, lakini pia ni kwenda kwenye masomo. Tukisema "huyu amesoma", hakuna anayefikiri alimaliza riwaya. Tunaelewa kwamba ana diploma. Basi msomaji ni yeyote mwenye buku mkononi, na msomi ni mtu wa yunivesite. Mama anayeuza mihogo sokoni, aliyeachia masomo njiani wakati wa vita, akisikia "Wasomi" atasema tu: "Ile ni ya batu ya yunivesite, siyo yetu." Hatamkasirikia mtu. Atapita.

Mji huu unalijua jambo hilo tangu zamani. Wakati ulipoitwa Stanleyville, kulikuwa na Chama cha Waevolue, na Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta hapa, alikiongoza. Evolue maana yake ni mtu aliyekwisha kuendelea. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na kadi zake za kumtambua mtu wa namna hiyo, ya kwanza mwaka 1948 na nyingine mwaka 1952, na ya pili haikupatikana bila kuchunguzwa, hata namna mtu anavyoishi nyumbani kwake. Watu wale walisoma na kujadiliana, na wengine wao walikuja kudai uhuru. Lakini jina lenyewe lilikuwa na mlango: waliomo wameendelea, na walio nje bado. Sisi hatutaki jina lenye watu wa "bado".

Kwa sababu hiyo hiyo tumeweka pembeni "Klabu ya Waliorudi". Ndiyo, chama hiki ni cha waliorudi, na hatuoni haya. Lakini jirani aliyebaki hapa siku zote, aliyetupokea na kutuazima sufuria, atajuaje kwamba naye anakaribishwa? Klabu ni mahali pa kwanza ambapo yeye na sisi tutakaa kwenye benchi moja bila kuuliza nani aliondoka na nani alibaki. Jina lisianze kuuliza.

Sasa swali la pili, la upana. Wengine walileta "Nuru" na "Neno la Uzima". Majina hayo katika mji wetu ni ya vikundi vya sala. Mtu atakuja na Biblia, au hatakuja kwa kuwa anasali kwingine. Wengine walileta jina la mwandishi mmoja. Ukiita klabu kwa jina la Shaaban Robert, anayependa Kifaransa atafikiri hapa ni Kiswahili tu. Ukiita kwa jina la Zamenga Batukezanga, aliyesoma Tanzania atafikiri hapa ni Kifaransa tu. Na "Klabu ya Riwaya" inamfungia mlango mwenye kupenda historia, mashairi, ao buku la kilimo.

Waliotoka Kenya walileta "Tusome". Ni neno tamu, fupi, na lina wote ndani yake. Lakini kule Kenya, kuanzia mwaka 2015, Tusome lilikuwa jina la mpango wa serikali wa kufundisha watoto wa madarasa ya chini kusoma. Mtu mzima atauliza kama anapelekwa darasa la kwanza. Na kwetu hapa tunarudi kwenye ile kusoma ya masomo.

Hata hivyo, "Tusome" imetufundisha kitu, ile "tu" ya mwanzo. Tazameni barabara zetu. Baiskeli zinazobeba watu hapa Kisangani tunaziita toleka. Ni Kilingala, maana yake tupite. Hakuna aliyelazimika kueleza jina hilo. Linamchukua mwenye baiskeli na anayebebwa kwa pamoja, wala halimuulizi abiria kama anajua kuendesha. Klabu yetu nayo itakuwa na wanaosoma na wanaosikiliza wakisomewa, na wote ni abiria wa safari moja.

Ndipo tukafika kwenye kufungua. Mmoja alipendekeza "Fungua Buku". Tuliona mambo mawili. "Fungua" peke yake ni amri, kama ya mwalimu. Na buku moja, kwa masikio ya wengi, ni lile la kanisani, maana ndivyo mchungaji anavyosema akianza kuhubiri. Tukibadilisha kidogo, yote mawili yanatengenezwa. "Tufungue" ni mwaliko. "Mabuku" ni mengi, basi si lile moja tu, wala si ya mwandishi mmoja ao lugha moja. Jina likawa "Tufungue Mabuku". Anayesema Kilingala atasema "tofungola babuku", na karibu ni neno lile lile. Hatutahitaji bango mbili.

Tunajua watu watalifupisha. Watasema "naenda kwa Tufungue". Si kitu: hata likikatwa, mwaliko umebaki.

Lakini jina halibebi kila kitu. Likisema mabuku mengi, na miezi mitatu tukasoma riwaya za Kifaransa tupu, watu watajua kwamba tunawadanganya. Kwa hiyo chini ya jina, kwenye bango, tunaacha mstari mtupu wa kuandika kwa chaki buku la mwezi. Mwezi wa kwanza tunapendekeza *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli mwaka 2021. Imetafsiriwa kwa Kiswahili, na ndani yake mna msafara wa biashara unaotoka pwani kuja huku bara. Mwezi wa pili, Zamenga, kwa Kifaransa chepesi. Mwezi wa tatu, historia ya mji wetu, isomwe kwa sauti, na wazee wasahihishe.

Na ili neno "tufungue" liwe la kweli, kila mkutano utaanza kwa kusoma kurasa chache kwa sauti. Asiyekuwa amesoma nyumbani asikose la kusema.

Sasa tunawaachia ninyi. Kwanza kila mmoja alitamke jina kwa jirani yake, Mswahili kwa Mlingala na Mlingala kwa Mswahili. Likikwama mdomoni, mtuambie. Lisipokwama, tuinue mikono.