Kutoka Katika Mafundisho na Kuingia Katika Maswali
Somo kwa wakatekista na kwa wote wanaokusanyika kusikiliza redio



Ndugu wapenzi, ninyi mnaotusikiliza katika vijiji vya Jimbo la Bunia: kila mwaka, tarehe 1 Desemba, Mama Kanisa hufanya ukumbusho wa Mwenyeheri Anuarite Nengapeta. Siku hiyo wengi wenu husimama mbele ya watu na kueleza habari zake. Kueleza si kazi ngumu. Ugumu huanza pale mwalimu anapomaliza na watu kuanza kuuliza. Basi leo tutajifunza namna ya kuvuka kutoka katika mafundisho mpaka katika maswali, na namna ya kujibu maswali matatu yanayozidi mengine kwa uzito.

Kwanza tukumbuke mafundisho yenyewe. Anuarite alizaliwa Wamba mwaka 1939. Akawa mtawa katika Shirika la Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Mwaka 1964, wakati wa uasi wa Wasimba, askari wakawachukua masista wote kwa lori, wakawapeleka mpaka Isiro. Huko Kanali Olombe alitaka kumtwaa kwa nguvu awe mke wake. Anuarite akakataa, kwa sababu alikuwa amejitoa kwa Mungu. Akapigwa sana, akamwambia Olombe ya kuwa anamsamehe, kwa kuwa hajui alitendalo. Akauawa usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Papa Yoane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenyeheri, na katika Misa hiyo akamsamehe mwuaji kwa jina la Kanisa lote.

Habari hiyo yatosha dakika kumi na tano. Sasa sikilizeni vema namna ya kuvuka.

Neno la kwanza: msifunge kwa sala kabla ya maswali. Katika vijiji vyetu, mwalimu akisema Amina, wazee huinuka na kina mama hutafuta watoto wao. Hapo mlango wa maswali umekwisha kufungwa. Wekeni sala mwishoni kabisa. Mafundisho yakiisha, rudieni jambo kuu kwa sentensi moja: «Anuarite alishika ahadi yake, na alimsamehe aliyemwua.» Kisha semeni waziwazi: «Mafundisho yamekwisha, sala bado. Sasa ni zamu yenu kuuliza.»

Neno la pili: msiogope kimya. Mwalimu mwenye hofu huuliza, «Hakuna swali?» na palepale hujijibu, «Basi, hakuna.» Ninyi msifanye hivyo. Semeni Baba Yetu moja polepole moyoni mwenu, huku mkingoja. Kama bado hakuna aliyeinua mkono, waambieni watu wazungumze wawili wawili, kila mmoja na jirani yake, kwa muda wa dakika tatu. Mama anayeogopa kusema mbele ya baba mkwe wake atamwambia jirani yake. Mchagueni mapema mama mmoja mwenye busara, azunguke akusanye maswali ya wanawake na kuyaleta bila kutaja jina la mtu.

Neno la tatu: swali likiletwa, lirudieni kwa sauti, ili walio nyuma walisikie, na mwulizaji aone kama mmemfahamu. Kisha anzeni jibu kwa Ndiyo au Hapana, toeni sababu moja, halafu nyamazeni. Jibu lisipite dakika mbili. Mtu wa pili akiuliza swali lile lile kwa maneno mengine, jueni ya kuwa jibu lenu halikugusa mahali panapouma. Hapo msirudie maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi, mwulizeni, «Ni jambo gani hasa linalokusumbua?»

Sasa tutazame maswali yenyewe. Wakatekista wengi hujitayarisha kujibu swali la jirani Mprotestanti: «Je, ninyi mnamwabudu Anuarite?» Hilo ni jepesi. Hapana, twamwabudu Mungu peke yake. Anuarite twamheshimu, na twamwomba atuombee. Lakini katika nchi iliyoona vita tangu mwaka 1999, na tena mauaji ya Djugu tangu Desemba 2017, watu wana maswali mengine mioyoni.

Swali la kwanza: «Mungu alikuwa wapi? Mbona hakumwokoa?»

Mtu anayeuliza hivi mara nyingi hamwulizii Anuarite. Anamwulizia mwanawe au kaka yake. Kwa hiyo msimjibu, «Ni mapenzi ya Mungu,» wala, «Mungu alimpenda zaidi, ndiyo maana alimchukua.» Mwenye msiba atasikia ya kuwa Mungu ndiye aliyeshika bunduki. Jibuni hivi: «Hapana, Mungu hakutaka mauaji yale. Yeye mwenyewe ameyakataza katika Amri ya Tano. Amempa mtu hiari, na mtu aweza kuitumia hiari hiyo kwa kutenda ubaya. Sababu ya mmoja kupona na mwingine kufa hatujafunuliwa. Lakini twajua ya kuwa Mwana wa Mungu mwenyewe aliuawa bila kosa, na Baba akamfufua. Basi aliyeuawa bila kosa hakuachwa.» Kisha nyamazeni. Akilia, mwacheni alie. Msiharakishe kwenda kwa swali jingine.

Swali la pili: «Aliyewaua ndugu zangu hajaomba msamaha, na ng'ombe zetu yu nazo. Je, nimsamehe? Na nikimsamehe, nisiende kwa hakimu?»

Hapa kuna maswali mawili, na ni lazima kuyatenga. Kwa lile la kwanza, jibu ni Ndiyo. Bwana wetu aliwaombea msamaha waliomsulubisha, nao walikuwa hawajatubu. Lakini mweleze mwulizaji maana ya kusamehe. Kusamehe si kusema ya kuwa hakuna kosa, wala si kusahau. Ni kukataa kulipiza kisasi, na kumwombea mkosaji, hata kama moyo bado unauma. Maumivu yaweza kukaa miaka, nayo si dhambi. Kupatana ni jambo jingine: kwahitaji watu wawili, na mkosaji lazima aje. Tena mkosaji akienda kuungama, anapaswa kurudisha alichokichukua, kwa kadiri awezavyo. Mtu aliyekula ng'ombe wa watu, akataka maondoleo bila nia ya kulipa, hajatubu kwa kweli.

Kwa lile la pili, jibu ni Hapana, msamaha haufungi mlango wa hakimu. Wapeni mfano huu. Tarehe 13 Mei 1981 Papa Yoane Paulo wa Pili alipigwa risasi huko Roma na Mehmet Ali Agca, karibu afe. Siku nne baadaye, akiwa bado kitandani hospitalini, alitangaza ya kuwa amemsamehe. Tarehe 27 Desemba 1983 akamfuata gerezani, akaketi naye. Lakini Agca alibaki katika gereza la Italia mpaka mwaka 2000. Msamaha ulitoka moyoni mwa Papa. Hukumu ilikuwa kazi ya serikali, ili watu wengine walindwe. Mambo hayo mawili hayapingani.

Angalieni hatari moja hapa. Huenda mtu akasimama na kusema, «Aliyeua ni fulani, mwana wa fulani.» Mkatizeni mara moja, kwa upole: «Ndugu, hapa hatutaji jina la mtu. Baada ya sala twende pamoja kwa padri.» Jina likitajwa mbele ya watu laweza kuleta damu usiku uleule.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na karibu kamwe halitaulizwa kwa sauti. Mahali palipopita vita, kati ya wanawake wanaowasikiliza huenda wako walioshikwa kwa nguvu na wenye silaha. Mwanamke huyo anasikia mwalimu akimsifu Anuarite kwa sababu alikubali kufa kuliko kuguswa, naye anajiuliza kimoyomoyo: «Basi mimi niliyebaki hai, je, nilitenda dhambi? Je, mimi ni mchafu mbele ya Mungu?»

Kwa kuwa hataliuliza, ninyi ndio mnaopaswa kulileta. Msingoje. Likiwa halikuletwa na yule mama mkusanyaji, semeni: «Liko swali moja ambalo si rahisi kuuliza. Nitalijibu mwenyewe.» Kisha jibuni bila kuzunguka: «Hapana. Mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu hakutenda dhambi yo yote. Dhambi yahitaji moyo ukubali, na moyo wake haukukubali. Hana cho chote cha kuungama juu ya jambo hilo. Aibu ni ya aliyemtenda.» Fundisho hili ni la zamani. Mji wa Roma ulipotekwa mwaka 410, wanawake wakristu walitendwa vivyo hivyo, na Mtakatifu Augustino, askofu wa Hipo katika Afrika, akaandika kuwatetea: usafi ni wa roho, na mtu mwingine hawezi kuupokonya kwa nguvu. Twamsifu Anuarite kwa uaminifu wake, lakini sifa yake si lawama kwa wengine. Usiku ule wa Isiro masista wenzake walipigwa, wakabaki hai, na Kanisa lawaheshimu.

Ongezeni maneno mawili. Mtoto aliyezaliwa kwa njia hiyo hana kosa. Aletwe kubatizwa kama watoto wote, na mtu asimwite jina la matusi. Tena mwanamke aliyepatwa na jambo hilo apelekwe hospitali upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi yafaa ndani ya muda huo tu. Hata muda huo ukiwa umepita, aende vivyo hivyo. Matunzo mengine bado yapo.

Swali lo lote msilolijua, semeni: «Sijui. Nitamwuliza padri, nitawajibu Dominika ijayo.» Liandikeni katika daftari mbele yao, na Dominika ijayo lianzeni kwalo. Jibu la kubuni hugunduliwa, na tangu siku hiyo hata majibu yenu ya kweli hayatasadikiwa.

Mwisho, msiache swali la mwisho liwe neno la mwisho, kwa maana laweza kuwa la mabishano au la mzaha. Muda ukikaribia kwisha, semeni, «Tupokee swali moja tena.» Mkiisha kulijibu, rudieni ile sentensi moja ya mafundisho, kisha wainueni watu kwa sala.

Nasi tuseme pamoja: Mwenyeheri Anuarite, utuombee. Kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.